Milango Sita, Funguo Tano

Jina la Mama Kwa Sababu hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wanafunzi wa darasa la jioni, watu wazima waliokuja kutafuta hesabu iliyowaponyoka utotoni, na likamganda kama gundi ya fundi viatu. Mwanafunzi akijibu "ndiyo", yeye husimama kimya, chaki mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza mvua. Ukichelewa, anakusaidia kuanza: "Ndiyo, kwa sababu…?" Jibu lisilo na sababu, hupenda kusema, ni kama mgeni aliyekuja bila mzigo: hujui ametoka wapi, wala hujui atalala siku ngapi.

Wageni aliwajua. Alilelewa katika nyumba ya wageni ya mama yake: vyumba kumi na viwili, korido moja ndefu iliyonuka sabuni ya mche, na nyuma ya meza ya mapokezi ubao wa misumari uliotundikwa funguo za akiba. Kila jioni, kabla ya kula, kazi yake ilikuwa moja. Achukue ubao, apite koridoni, ajaribu kila ufunguo kwenye mlango wake, kisha arudi kumwambia mama, "Zote zinafungua." Aliifanya kazi hiyo miaka mitatu bila kukosea.

Halafu jioni moja mgeni mmoja, mzee wa watu, alizidiwa ndani ya chumba cha mwisho akiwa amejifungia. Alikuwa akigonga ukuta kwa fimbo, pole pole, halafu akaacha. Mama alikimbilia ubao. Ufunguo wa chumba kile haukuwapo. Haukuwa umeibwa wala kupotea siku hiyo, haukuwahi kuwapo. Miaka mitatu binti alikuwa akihesabu funguo, na kila ufunguo ulikuwa na mlango wake. Hakuna siku aliyoanza upande wa pili, akasimama mbele ya kila mlango akauliza: je, wewe unao ufunguo?

Mlango ulivunjwa kwa bega la mpishi. Mzee alipona, akalala siku nyingine nne na akakataa kulipishwa mlango. Lakini ule ukimya baada ya fimbo kuacha kugonga, binti aliuchukua akauweka ndani yake, na miaka thelathini baadaye ulikuwa bado humo.

Siku tunayoisimulia, Mama Kwa Sababu alikuwa ameketi katika chumba cha walimu cha kituo cha elimu ya watu wazima, peni nyekundu mkononi, mbele yake karatasi za majibu sitini na nne. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Saa kumi kamili karani wa chuo cha uuguzi angekuja kuchukua orodha ya waliofaulu hesabu. Aliyekuwa kwenye orodha angeanza masomo wiki ijayo. Asiyekuwemo angengoja mwaka mzima, na kwa watu wa darasa la jioni, wenye watoto na zamu za kazi, mwaka ni mrefu, wengine hawarudi.

Walikuwa watatu chumbani. Wa pili alikuwa Babu Pembe, mwalimu wa jometri aliyekwisha kustaafu mara mbili na kurudishwa mara mbili, kwa kuwa kila akiondoka hapatikani mtu wa kuchora duara kwa mkono likakubali kufunga. Wa tatu alikuwa mkuu wa mitihani, Bwana Saa. Huyo aliivaa saa yake kwa ndani ya kifundo cha mkono, aitazame bila watu kujua, na watu wote walijua.

Walisahihisha kwa mkondo: kila mmoja na maswali yake, karatasi ikipita kutoka mkono hadi mkono. Mama Kwa Sababu alipewa swali la saba peke yake. Lilikuwa swali la fanksheni lenye picha: ubao mweusi uliopigwa picha, umechorwa mayai mawili makubwa kwa chaki, la kushoto lenye namba, la kulia lenye herufi, na mishale ikitoka kushoto kwenda kulia. Mtahiniwa aliulizwa mambo matatu, kila moja alama tatu. Je, fanksheni hii ni ya mmoja kwa mmoja? Je, inawafikia wote wa upande wa kulia? Je, ni kamili, yaani ni hayo yote mawili kwa pamoja? Vitabu vikubwa vina majina yake: injektivu, surjektivu, bijektivu. Majina hayo aliyaandika ubaoni mara moja kwa mwaka, ili wanafunzi wasiyaogope wakikutana nayo njiani.

Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa nusu ukurasa, kwa mwandiko wa Bwana Saa: *Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.* Chini yake ameorodhesha mishale: 1 kwa m, 2 kwa k, 3 kwa p, 4 kwa l, 5 kwa n.

"Leo hatusomi hadithi," Bwana Saa alikuwa amesema asubuhi, akigonga meza kwa kidole. "Swali la saba lina kisanduku cha jibu. Tazama kisanduku. Ndiyo, vema. Hapana, mkasi. Sababu zao watawasimulia wajukuu."

"Sababu zina alama, bwana mkubwa."

"Jibu likiwa sahihi, sababu tunaidhania sahihi. Tuna saa sita tu, mwalimu. Na wewe na mimi tunajuana."

Kujuana kwenyewe kulikuwa ndani ya mkoba wa Mama Kwa Sababu, kwenye bahasha ya kaki. Mwaka jana alisimamisha orodha kwa swali la asilimia. Alishikilia kwamba mwongozo umekosea, orodha ikalala siku nzima, karani akarudi mikono mitupu. Kumbe aliyekosea ni yeye. Alisoma "punguzo" mahali palipoandikwa "ongezeko". Barua aliyoandikiwa ilikuwa fupi: ikitokea tena, mkataba hautaendelea. Tangu siku hiyo aliitembeza barua ile kama mtu anayetembea na jiwe kiatuni, na asubuhi hii, alipoambiwa asisome sababu, alijikuta anainamisha kichwa. Ndiyo, vema. Hapana, mkasi. Peni ilikwenda mbio, vema kwa sahihi, mkasi kwa kosa. Karatasi thelathini zilipita na hakusoma sentensi hata moja.

Ya thelathini na moja ilimgomea. Mtahiniwa huyo alikuwa na mwandiko mkubwa, usiojua mipaka, na sababu yake ilikuwa imepanda hadi ndani ya kisanduku, ikamezana na jibu. Ili kulipata jibu ilibidi asome.

*Hapana. Nimehesabu milango, sikuhesabu funguo. r haina mshale.*

Peni ilibaki hewani.

Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake mwenyewe. Mwanafunzi gani hakujua, karatasi zilikuwa na namba tu, lakini mtu fulani alikaa darasani kwake jioni fulani, akasikia habari ya korido na fimbo, akaibeba mpaka chumba cha mtihani. Hilo lilimgusa. Kisha likamtia baridi. Kwenye mwongozo hakukuwa na r.

Alitazama juu. Bwana Saa alikuwa akijumlisha alama, midomo ikienda. Babu Pembe alikuwa akimkata mtu nusu alama kwa huzuni ya kweli. Taratibu, kama mtu anayetoa mkate uliokatazwa, alivuta karatasi ya maswali iliyobanwa nyuma ya majibu yale, akaifungua kwenye swali la saba.

Hakuwa ameitazama picha tangu asubuhi. Ndivyo ilivyo kwa wasahihishaji wa mkondo: baada ya karatasi kumi, mwongozo ndio unakuwa swali. Sasa aliitazama. Yai la kushoto: 1, 2, 3, 4, 5. Yai la kulia: k, l, m, n, p. Na chini kabisa, pale kivuli cha fremu ya ubao kilipolala juu ya chaki, nukta moja zaidi, na pembeni yake, hafifu lakini imekamilika, r. Mtahiniwa alikuwa ameizungushia duara la wino wa buluu.

Akajiambia: usiseme neno. Mwaka jana pia uliona. Pima kwanza.

Akapima kama anavyowafundisha, kidole juu ya karatasi. Kwanza, je, hii ni fanksheni? Kila ufunguo ufungue mlango, na mlango mmoja tu. Moja ina mshale, mmoja. Mbili, mmoja. Tatu, nne, tano, kila moja na mshale wake mmoja. Ndiyo, ni fanksheni. Pili, ni ya mmoja kwa mmoja? Yaani, hakuna funguo mbili za mlango mmoja. Pale katikati mishale ilikatana: wa moja na wa mbili, wa tatu na wa nne, mvurugano wa kuwatisha wengi. Lakini kupishana njiani si kufikia nyumba moja. Alifuata kila mshale mpaka ncha yake: m, k, p, l, n. Hakuna herufi iliyopokea mara mbili. Ndiyo.

Tatu. Hapo aliinua kidole kutoka kushoto, akakiweka kulia, kwenye milango. k, ya mbili. l, ya nne. m, ya moja. n, ya tano. p, ya tatu. r.

r ilikaa kimya kivulini.

Hapana, basi. Na kama si ya kuwafikia wote, haiwezi kuwa kamili. Majibu mawili ya mwongozo kati ya matatu yalikuwa na makosa, na yeye kwa mkono wake alikuwa amewasahihisha watu thelathini kwa peni ya mbio. Aliyeandika "ndiyo" alimpa alama sita asizostahili, aliyeandika "hapana" alimnyang'anya sita alizozistahili. Alama ya kupita ilikuwa hamsini. Alifunua jalada la namba thelathini na moja, ambapo maswali mengine yalikuwa yamekwisha kujumlishwa. Arobaini na nne. Ongeza tatu za mwongozo, arobaini na saba. Au, badala yake, ongeza tisa za haki, hamsini na tatu.

Kati ya arobaini na saba na hamsini na tatu kulikuwa na mtu mzima na mwaka wake mzima.

Saa tisa kasoro kumi. Alijua anachopaswa kufanya. Bahasha ya kaki ilikuwa mkobani, inchi chache kutoka gotini kwake. Angeweza kupitisha karatasi. Hakuna ambaye angejua. Mzee wa chumba cha mwisho angeendelea kugonga kidogo, kisha angeacha.

"Bwana mkubwa," alisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyopanga. "Swali la saba lina tatizo."

Peni ya Babu Pembe ilisimama. Bwana Saa hakuinua kichwa.

"Halina."

"Hujasikia bado."

"Nilisikia mwaka jana." Akageuza ukurasa. "Mwalimu, nakuomba. Kwa heshima zote. Umebakisha karatasi ngapi?"

"Thelathini na nne, ukihesabu hii. Na thelathini za kurudia."

Hapo aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyagwa kidole kilichokuwa kinauma tayari. "Kurudia?"

Mama Kwa Sababu alisimama, akazunguka meza, akamwekea karatasi mbele, kidole chini ya duara la buluu. "Kuna herufi ya sita. r. Haina mshale. Fanksheni haiwafikii wote, kwa sababu—"

"Kwa sababu," Bwana Saa alirudia, kwa dhihaka iliyochoka. Alitazama picha kwa muda wa pumzi moja. "Hiyo ni alama ya vumbi. Chaki iliyopanguswa vibaya. Mtahiniwa kajitafutia."

"Vumbi halijiandiki jina," alisema Babu Pembe kutoka upande wake.

"Mzee wangu, wewe baki na pembe zako."

"Nabaki nazo. Ila hata pembe ikiwa na jina, nakubali imezaliwa." Akajikokota na kiti chake mpaka mezani, akavua miwani, akaishika mbali na karatasi kama kioo cha kukuzia. "Nukta. Na herufi. Mkia wake huu hapa. Ni r, au mimi ni kipofu, na kama ni kipofu mlinirudisha kazini kwa nini?"

Bwana Saa alikunja kifundo cha mkono, akachungulia. "Tuseme ni r. Tuseme! Picha ni ya kijivu, kuna kivuli. Huenda ina mshale usioonekana. Mwongozo unasema ndiyo. Mwongozo uliandikwa na mtu aliyeuona ubao."

Mama Kwa Sababu alikuwa amelitarajia hilo, na alilishukuru, kwa kuwa lilimpa mahali pa kusimama. Hofu haikuondoka, lakini ilikaa pembeni, ikampisha.

"Basi niambie, mshale huo umetoka wapi."

"Kushoto. Utoke wapi tena?"

"Kushoto kuna namba tano, na kila moja tumeshauona mshale wake mmoja. Ukitaka wa sita, utoke kwa mojawapo. Tuseme tano. Basi tano ina mishale miwili, wa kwenda n na wa kwenda r. Ufunguo mmoja unafungua vyumba viwili. Hiyo tena si fanksheni, bwana mkubwa, na swali lote linaanguka, hata ile 'ndiyo' ya kwanza." Alishusha pumzi. "Usiponiamini macho, sahau mishale. Hesabu tu. Namba tano, kila moja mshale mmoja: mishale mitano. Mishale mitano itagusa herufi tano, ikizidi sana. Kulia ziko sita. Ichore upendavyo, ipinde, ivuke, moja itabaki bila mgeni. Funguo tano haziwezi kutosha milango sita. Na ukiigeuza mishale, uanze kwa r kurudi kushoto, utarudi kwa nani? Hakuna. Si kamili."

Nje mtu alikuwa akiburuta benchi koridoni, na sauti ya miguu yake ilipita mlangoni ikaenda.

"Huyu ni mwanafunzi wako," alisema Bwana Saa. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa, na kwa hilo ikawa na makali zaidi. "Funguo, milango. Nani asiyejua hadithi yako? Mwaka jana ulisimamisha orodha ukakosea. Mwaka huu unaisimamisha kwa ajili ya mtu wako. Hivyo ndivyo itakavyosomeka, mwalimu. Si mimi nitakayeisoma hivyo. Ni wale wa juu."

Lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ukweli kidogo huingia zaidi ya uongo mwingi. Alitaka kurudi kwenye kiti. Badala yake aliinama kwenye rundo, akavuta karatasi tatu bila kuchagua, akazifungua kwenye picha, moja, mbili, tatu, akazipanga mezani. Katika kila moja r ilikuwapo kivulini. Kwenye ya pili mtahiniwa alikuwa ameiwekea alama ya kuuliza kwa penseli.

"Hawa ni wangu wote? Sijui. Wewe pia hujui, ndiyo maana tukawapa namba." Alimtazama usoni. "Picha ya mwanzo iko kwenye simu yako. Ni wewe uliyeipiga. Ifungue. Kama r haimo, au ni vumbi, nitamaliza karatasi zangu kimya kimya, na barua ya pili nitaiandika mwenyewe, wewe utie sahihi tu."

Bwana Saa akatoa simu, pole pole, akaitelezesha kwa kidole gumba, akapita picha za mtoto mwenye keki, za gari lenye pancha, akafika. Akaikuza. Kwenye kioo, kwa rangi zake zote, ubao ulikuwa wa kijani, chaki nyeupe, na kule chini r ilikuwa nyeupe kuliko zote, kama kitu kilichoandikwa mwisho na chaki mpya.

Aliitazama muda mrefu kwa mtu wa dakika.

"Niliiongeza mimi," akasema.

Akaiweka simu mezani, kioo juu.

"Mwongozo nilikwisha kuuandika usiku. Tano kwa tano. Asubuhi nikachora ubaoni, nikaona ni rahisi mno, wataandika ndiyo-ndiyo-ndiyo bila kufikiri. Nikaongeza r niwatege." Alicheka, kicheko kikavu cha pua. "Nikapiga picha, nikafuta ubao, nikaenda zangu. Mwongozo sikuugusa."

"Mtego haumjui aliyeutega," alisema Babu Pembe, akarudisha miwani puani. "Sasa tunakaa matanga au tunafanya kazi? Nipe ishirini."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Waligawana rundo. Mama Kwa Sababu alitaka jambo moja, na safari hii hakuliomba: kila sababu isomwe. Walisoma, midomo ikisogea, bila mtu kutania. Na katika kusoma ndipo aliupata ubaya wa siku yenyewe. Wengi walioandika "ndiyo" walikuwa wameandika sababu ileile, kwa maneno yanayofanana kama ndugu: *kwa sababu kila mshale umefika.* Kweli, kila mshale ulikuwa umefika. Kila ufunguo ulikuwa na mlango wake. Walihesabu kushoto, wakarudi kusema: zote zinafungua.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nini tena?" Bwana Saa alishtuka.

"Hakuna. Endelea."

Wapo waliokuwa wakipanda, na wapo waliokuwa wakishuka. Hilo hakuna aliyelisema mpaka saa kumi kasoro robo, Bwana Saa alipoweka chini karatasi moja akaifunika kwa kiganja. "Huyu alikuwa na hamsini na mbili. Sasa ana arobaini na sita." Akawatazama wote wawili. "Tungeweza kuwaachia. Waliopewa alama wabaki nazo, na waliopatia wapewe. Wote wafurahi. Kosa ni letu, au siyo?"

Lilikuwa pendekezo la huruma, na Mama Kwa Sababu ndiye mtu wa huruma chumbani humo. Wote wawili walimgeukia. Alifikiri juu ya mtu huyo wa arobaini na sita, labda mama mwenye zamu ya usiku, labda yule baba anayekuja na ovaroli. Alifikiri pia juu ya wodi, kitanda cha mwisho mwishoni mwa safu, muuguzi anayehesabu dawa zilizotoka na kuona zote zimefika, asigeuke kuhesabu vitanda.

"Mwongozo ulikuwa na kosa," alisema. "Picha haikuwa nalo. Wameulizwa picha." Akanyoosha mkono. "Nipe, nitamwandikia mimi."

Saa kumi kamili karani wa chuo aligonga. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye faili kifuani, na alisimama kizingitini kama mtu anayejua haketi. "Orodha, tafadhali. Gari linaningoja."

Karatasi tisa zilikuwa bado. Bwana Saa aliinuka. Mtu ambaye katika miaka kumi na moja hakuwahi kuchelewesha kengele alivuta pumzi, akaenda mlangoni.

"Dada, naomba nusu saa."

"Kama mwaka jana?" Karani alimtupia jicho Mama Kwa Sababu. "Yule mwalimu tena?"

"Hapana," alisema Bwana Saa. "Safari hii ni mimi. Nilikosea mwongozo, yeye kaniona. Naandika hivyo kwenye faili, na wewe utapata nakala." Akamvutia kiti. "Keti, dada. Dereva nitakwenda kumwomba mwenyewe."

Akatoka. Walimsikia koridoni akitembea haraka, halafu akikimbia.

Karani aliketi ukingoni mwa kiti, faili magotini. Peni mbili zilikwaruza. Saa kumi na dakika ishirini na tano Babu Pembe alijumlisha ya mwisho, na orodha ikaandikwa kwa mkono wake usiotetemeka: saba wamepanda juu ya hamsini, wanne wameshuka chini yake. Namba thelathini na moja ilikuwa katikati ya ukurasa, hamsini na tatu, kama namba nyingine yoyote. Karani aliisoma juu chini, akaikunja, akaenda.

Mama Kwa Sababu hakuinuka. Alibakiza mbele yake karatasi nne za walioshuka. Wangerudishiwa kesho, na mtihani mwingine ungekuwa mwakani. Alichukua peni ya buluu, si nyekundu. Kwenye ya kwanza aliandika: *Umehesabu funguo vizuri. Sasa simama mbele ya kila mlango.* Akafikiria kidogo, akaongeza: *Njoo Jumatatu jioni. Sitakudai sababu ya kuchelewa.*

Bwana Saa alirudi, shati limelowa mgongoni. Aliketi mkabala naye, akasoma maandishi yale kichwa chini miguu juu.

"Wa pili nipe mimi nimwandikie," alisema. "Nina deni lake."

Alimsogezea karatasi, na peni.